Mdogo wangu ameanguka kifafa, picha ya kichwa inasema mnyoo wa nguruwe, na nyumbani kwetu nguruwe hajawahi kuliwa

BintiMkomani

Asalam aleikum jamaa. Naomba mnisome mpaka mwisho manake nyumbani kumechafuka na mimi ndio nabeba mzigo.

Mdogo wangu ana miaka 26, ni nahodha wa boti za kuvusha watu kwenda Mokowe. Wiki 3 zilizopita alikuwa anafunga kamba gatini, mkono wa kushoto ukaanza kuruka wenyewe, vidole kwanza, halafu mkono mzima, halafu shavu la upande uleule. Alikuwa anajiona na anaongea, anasema "nishikeni mkono huu", baada ya kama dakika moja akaanguka akapoteza fahamu. Alhamdulillahi alikuwa bado yuko gatini hajaingia botini. Siku ya 4 ikamrudia usiku. Malaria hana, sukari iko sawa, hajawahi kuwa na kifafa tangu utotoni.

Tukateremka naye Malindi akapigwa picha ya CT, mara ya kwanza hivihivi halafu mara ya pili na dawa ya mshipani. Ripoti inasema ubongo upande wa kulia, juu, kuna kitu kama pete cha milimita 11 kimezungukwa na uvimbe, na mahali pengine kuna vidoa vyeupe 3 vidogo sana. Chini wameandika huenda ni nyurosistiserkosisi au TB ya ubongo. Aliyetusomea alikuwa na haraka, akasema tu "ni mnyoo wa nguruwe umeingia kichwani", mama akanyanyuka akatoka nje bila kuaga.

Sasa huyu mdogo wangu aliwahi kukaa Nairobi miaka 4 akifanya kazi ya ujenzi na kula vibandani. Mama anamuuliza kila siku ulikula nini kule, yeye ameapa kwa msahafu hajala. Na watu wa upande wa mchumba wake wameshasikia. Juu ya hapo kuna muuza dawa ametuambia tusihangaike, tununue albendazo, ameze 2 kila siku mpaka apone. Tumenunua hajameza bado. Cha kuzuia kifafa wamempa karbamazepini.

Inawezekana picha imekosea? Na hizi albendazo ameze ama asimeze?

KijanaWaGede

Pole dada. Ila tuseme ukweli, huu ugonjwa unatoka kwa nyama ya nguruwe isiyoiva, hakuna njia ingine, mimi nimesoma hayo chuoni. Pengine alilishwa bila kujua, soseji ama samosa, Nairobi mtu hujui unakula nini, kwa hivyo si dhambi yake. Albendazo ndio dawa yenyewe ya huyo mnyoo, mpe mapema kabla hajazaana kichwani.

Tabibu_wa_Pwani

Waaleikum salaam BintiMkomani. Usimpe hizo albendazo kwanza, ziweke kabatini, sababu nitakueleza. Karbamazepini aendelee nayo asiruke hata siku moja. Na botini asipande, kuogelea asiogelee, mnazi asipande. Mtu akishikwa ndani ya maji hata dakika 2 zinatosha kumpoteza na wenzake wako palepale.

Kijana amesema kitu cha kweli nusu, na hio nusu ndio inavunja nyumba za watu, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo.

Mnyoo ni mmoja, tegu wa nguruwe, lakini humwingia binadamu kwa njia 2 na kila njia ina ugonjwa wake. Ukila nyama ya nguruwe mbichi yenye vifuko vya mabuu, unapata tegu mrefu anayekaa tumboni. Huyo hakai kichwani. Anakaa kwenye utumbo, pengine mtu asijue kabisa, na anatoa mayai yanayotoka na choo. Sasa mtu mwingine akiyameza hayo mayai, yanapasuka tumboni, mabuu yanatoboa utumbo, yanaingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye misuli, macho na ubongo. Hio ndio ya mdogo wako.

Kwa hivyo kilichomfikisha kwenye ubongo ni mayai, na mayai yanatoka kwa choo cha binadamu mwenye tegu. Nguruwe mwenyewe hana mayai ya kukupa, yeye pia aliyapata kwa kula kinyesi cha watu. Mpishi mmoja asiyenawa mikono vizuri akikukatia kachumbari basi imeisha, wewe hata nguruwe hujawahi kumwona. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha Wayahudi wa New York wanaoshika dini sana, watu ambao nguruwe ni haramu kwao kama kwetu, wagonjwa 4 wote wana vifuko kwenye ubongo. Walipofuatilia, dalili zikaelekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye huyo mnyoo.

Mwambie mama hivyo. Picha ya kichwa haiwezi kumwambia mtu alikula nini.

BintiMkomani

Tabibu wallahi nimelia. Nimemsomea mama neno kwa neno. Hajasema kitu lakini amempelekea chai chumbani, na wiki nzima alikuwa hamsemeshi.

KijanaWaGede

Sawa mkuu hapo kwa mayai nimekubali, nilikuwa nachanganya. Lakini mbona unazuia albendazo wakati ndio dawa?

MamaMapacha

Jamani mimi nimeshtuka. Mwanangu wa miaka 2 alishikwa degedege mwezi uliopita akiwa na homa kali, ikaisha mara moja na hajarudiwa. Na kuna nguruwe jirani. Je nikampige CT na yeye? Mashine inakula pesa lakini nitauza mbuzi.

Tabibu_wa_Pwani

Mama, usiuze mbuzi. Degedege moja fupi ya mtoto wa miaka 2 iliyokuja na homa, imeisha na mtoto anacheza kama kawaida, ni kitu kingine na kwa kawaida haitaki CT. Kitu cha kumuuliza daktari ni homa yenyewe ilitokana na nini, malaria kwanza. Akija kushikwa bila homa, au mshtuko ukianzia upande mmoja tu wa mwili, hapo rudi hospitali.

Kijana, nakujibu kupitia hio picha ya CT, manake jibu liko humo.

Kifuko kikiwa hai kwenye picha unakiona kama tundu jeusi la mviringo, ndani maji safi, na kwenye ukuta wake kuna nukta moja ndogo, hicho ndio kichwa cha mnyoo. Pembeni ya kifuko ubongo umetulia, hakuna uvimbe. Mnyoo akiwa hai anajua kujificha, kinga ya mwili haimwoni, na mtu anaweza kukaa naye miaka bila hata kuumwa kichwa.

Halafu anaanza kufa, kwa umri tu. Ukuta unavuja, yale maji yanakuwa mazito, mwili unagundua kuna mgeni na kuanza kumshambulia. Hapo ukitia dawa ya mshipani kifuko kinawaka pembeni kama pete, na kinazungukwa na uvimbe. Ndio pete ya milimita 11 ya mdogo wako. Na iko upande wa kulia juu, karibu na sehemu inayoendesha mkono wa kushoto, ndio maana kifafa chake kilianzia vidoleni na yeye akawa bado anaongea.

Mwisho kinasinyaa na kubaki kama chembe ya chokaa, CT inaionyesha nyeupe pepepe. Ndio vile vidoa 3. Hao walishakufa zamani. Maana yake hii ni habari ya miaka, haikuanza mwezi jana.

Sasa ona, kinacholeta kifafa hapa si mnyoo kushamiri, ni mnyoo kufa na mwili kuupigia vita. Ukimpa mtu albendazo peke yake nyumbani na hujui ana vifuko vingapi, unaweza kuviua vingi vilivyo hai kwa pamoja, uvimbe unakuja kwa pamoja, na fuvu halitanuki. Kama ana vingi anaweza kuzimia au kufa. Na bado hujaondoa ile TB waliyoiandika kwenye ripoti.

Mfugaji_Mpeketoni

Mimi nafuga nguruwe na nimesoma hapa moyo ukidunda. Nataka niseme moja tu, nguruwe akifungiwa bandani na akalishwa bandani na nyumba ikawa na choo, si rahisi apate hivyo vifuko. Wanaopata ni wale wanaoachwa kuzurura vichakani watu wanakoenda haja. Wanunuzi wa huku huwa wanamlaza chini wanamfungua mdomo na kupapasa ulimi, wakihisi vijipunje wanamkataa.

Tabibu_wa_Pwani

Kweli Mfugaji. Ila ulimi ukiwa safi usiseme nguruwe ni safi, wenye vifuko vichache wengi hupita kwenye hilo jaribio.

Nahodha_Faza

Mimi kesi yangu inafanana. Nilipigwa CT Mombasa miaka 6 iliyopita, ikaonekana vidoa vyeupe vitupu, chokaa, hakuna pete. Nikanunua dawa ya minyoo mara nyingi sana kwa kuogopa, hakuna kilichobadilika, kifafa kinakuja mara 2 au 3 kwa mwaka hasa nikisahau vidonge vyangu. Mbona kama wameshakufa bado naanguka?

Tabibu_wa_Pwani

Kwa sababu kovu linabaki. Chembe ya chokaa ikikaa kwenye ubongo inausumbua umeme wa hapo, na kuna watu ambao uvimbe hurudi kuizunguka chembe ileile iliyokufa, halafu unaondoka. Kwa nini hutokea kwa huyu na si kwa yule bado wataalamu wanabishana. Lakini wewe huna kiumbe hai cha kuua, kwa hivyo albendazo kwako ni pesa iliyopotea. Dawa yako ni ile ya kifafa, kila siku kwa saa ileile. Na unaposema unaanguka ukisahau, tayari umeshajijibu.

BintiMkomani

Nimerudi na habari. Tulichanga familia nzima tukampeleka Mombasa akapigwa MRI. Pete ileile imeonekana, na ndani yake kuna nukta hafifu. Lakini pia wameona kifuko cha pili upande wa nyuma, milimita 8, maji safi, na nukta imekaa ukutani kama ulivosema, haina uvimbe. CT haikukiona kabisa. Ajabu vile vidoa 3 vyeupe kwenye MRI hawakuviandika hata kimoja, mimi nikadhani wamekosea mgonjwa.

Wamempima UKIMWI hana, picha ya kifua safi, hakohoi, hajapungua, kilo zake ni 62. Sasa wanataka apimwe macho kabla ya dawa, mama anauliza macho yameingiaje.

Tabibu_wa_Pwani

Hawajakosea mgonjwa. Chokaa CT ndio inaiona, MRI mara nyingi inaipitia bila kuiona. Na nukta ndogo ndani ya kifuko, au kifuko kilichojificha kwenye njia za maji ya ubongo, MRI ndio inaiona. Zinasaidiana, ukipata zote 2 una bahati.

Ile nukta ni jambo kubwa. TB kwa kawaida haina nukta ya namna hio. Pete ya TB pia mara nyingi huwa kubwa kupita milimita 20, imejikunjakunja, inausukuma ubongo upande, na mwenyewe huwa amekonda ana homa za jioni. Kwa mdogo wako sioni hivyo. Hata hivyo walifanya vizuri kupiga picha ya kifua, manake anaenda kupewa steroidi, dawa za kushusha uvimbe, na steroidi zinaipa nafasi TB iliyolala.

Macho sasa. Mabuu yanaweza kukaa nyuma ya jicho vilevile. Ukimuua mnyoo aliye ndani ya jicho, ule uvimbe unaweza kumpofusha. Kwa hivyo daktari wa macho aangalie na taa yake kwanza, ni kazi ya dakika chache. Wakikuta kitu huko mpango wote unabadilika.

KijanaWaGede

Mkuu swali. Nimesoma pete moja inaweza kupona yenyewe bila dawa ya minyoo. Kwa nini ale dawa basi?

Tabibu_wa_Pwani

Hapo uko sawa, pete moja ambayo mnyoo wake yuko anakufa nyingi hupotea zenyewe kwa miezi. Dawa inaharakisha, na kuna madaktari wanaojadiliana nayo kwa mgonjwa mwenye pete moja tu. Lakini huyu ana kile cha pili kilicho hai na kimetulia, siku kikianza kufa tutarudi hapahapa, labda akiwa katikati ya bahari.

Kwa watu wenye vifuko 1 au 2 vilivyo hai mwongozo ni albendazo peke yake, miligramu 15 kwa kila kilo kwa siku, kugawa mara 2, siku 10 mpaka 14, ale na chakula chenye mafuta ndio inaingia mwilini vizuri. Kilo 62 inatoka 930 hivi, na kwa mtu mzima wa kilo zake wengi hutoa kidonge cha 400 asubuhi na kingine jioni. Steroidi inatangulia kabla ya kidonge cha kwanza. Vifuko vikizidi 2 wanaongeza prazikwanteli, dawa nyingine ya minyoo. Na kama ubongo wote umevimba kwa vifuko vingi, au maji ya kichwa yameziba, hapo dawa ya kuua mnyoo haiguswi, kwanza uvimbe ushushwe au mpasuaji afungue njia ya maji.

Wakumbushe pia kwamba anatumia karbamazepini. Hio dawa inaishusha nguvu ya albendazo kwenye damu. Pengine watambadilishia, pengine watamwacha nayo, ni uamuzi wao, lakini msiikate wenyewe.

MwalimuSabaki

Naomba kuingilia. Shuleni kwetu huku Mto Sabaki wanafunzi hupewa prazikwanteli ya kichocho na albendazo ya minyoo. Ina maana tunawapa watoto hatari?

Tabibu_wa_Pwani

Mwalimu, kichocho kinaharibu kibofu cha mtoto polepole na hizo dawa zinasaidia wengi mno, usiwazuie. Lakini ni kweli kwamba prazikwanteli inafika kwenye ubongo, na mtu mwenye kifuko kilichojificha anaweza kuumwa kichwa sana au kushikwa siku ya kwanza mpaka kadhaa baadaye. Imeshaonekana. Kitu ambacho mwalimu anaweza kufanya ni kuuliza kabla, mtoto huyu aliwahi kuanguka kifafa? Kama ndio, wahudumu wamweke pembeni waamue kwanza. Na mtoto akishikwa baada ya dawa apelekwe, asirudishwe nyumbani kuambiwa ni majini.

BintiMkomani

Macho yako safi. Alilazwa siku za mwanzo, steroidi ikaanza siku moja kabla. Siku ya 3 ya albendazo kichwa kilimuuma mpaka akatapika, mimi nikataka wamwachishe. Wakamwongezea steroidi kidogo wakamtazama usiku kucha, siku ya 5 kikashuka. Akamaliza siku 10.

Walitwambia pia nyumba nzima tupime choo tuone kama kuna mwenye tegu tumboni. Watu 7, wote hakuna, ingawa walisema kipimo kimoja kinaweza kumkosa na turudie. Baba amekataa kurudia.

Nahodha_Faza

Alhamdulillahi. Kichwa kuuma siku ya 3 kungenitisha na mimi.

BintiMkomani

Salaam tena, ni miezi 6 imepita, leo tumetoka Mombasa kwa MRI ya pili. Kile kifuko cha nyuma hakipo kabisa. Pete imepotea, imebaki alama ndogo bila uvimbe. Hajashikwa hata mara moja tangu amalize dawa. Sasa baba anasema kama minyoo imekwisha na vidonge vya kifafa viishe, arudi botini, manake nyumba ilikuwa inategemea ule mkono. Na mama bado anataka ajue ni nani aliyetulishia mtoto mayai, kama ni Nairobi ama ni hapahapa.

Tabibu_wa_Pwani

Alhamdulillahi, picha nzuri hio. Vidonge visikatwe leo. Angekuwa na pete moja tu na imepotea bila kubaki chembe, baada ya miezi 6 bila kifafa wangeanza kumpunguzia. Yeye ana zile chokaa 3 na sasa pengine ya 4, watu kama hawa hurudiwa zaidi, kwa hivyo kawaida wanasubiri miaka 2 mizima bila mshtuko ndio waanze kushusha, na kushusha ni polepole kwa miezi. Warudie CT kuona kama hio alama imegeuka chokaa. Ndani ya hio miaka kazi ya nchi kavu, kukatisha tiketi ama kusimamia mizigo gatini, lakini usukani hapana.

Mama mwambie hatutajua. Zile chokaa zinaonyesha mayai yalimezwa miaka nyuma, na mikono iliyompa chakula miaka yote hiyo ni mingi. Kama baba anakubali kurudia kipimo cha choo, hicho ndio kitu pekee ambacho bado kina jibu.

BintiMkomani

Nitamrudia baba baada ya Isha.